Namba Tatu Kwenye Simu Moja

Swali la afisa wa kodi lilikuwa fupi. "Mwaka wa 2024, boda ilikuingizia pesa ngapi?"

Kijana aliyeketi kando yangu alitoa simu, akafungua apu ya abiria na kusoma namba moja. Akasita. Akashuka chini kidogo ya skrini, akasoma nyingine, ndogo zaidi. Kisha akafungua taarifa ya M-Pesa, na hapo ikatokea ya tatu, kubwa kuliko zote mbili. Afisa, mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea, aliziandika zote tatu kwenye karatasi na kumtazama bila kusema kitu. Hakukuwa na uongo hapo. Namba zote zilikuwa za kweli, ila hakuna hata moja iliyojibu swali aliloulizwa.

Kijana huyu anaendesha Boxer upande wa Kayole na Umoja, Nairobi. Nimemficha jina na namba zake nimezirahisisha, lakini hesabu ni ile ile ninayokutana nayo kila mwaka. Asubuhi na jioni hubeba abiria kwa apu moja, mchana husambaza chakula kwa apu nyingine. Juni 2025 alienda saiba, akalipa mia mbili, na kijana wa saiba akamfailia ritani ya sufuri kwa mwaka wa 2024. Miezi michache baadaye akaandikiwa kwamba ritani ile hailingani na taarifa zilizopo, aje aeleze. Barua ya namna hiyo si makadirio ya kodi. Makadirio yakishatolewa, mtu huwa na siku 30 za kuyapinga kwa maandishi, na mchezo unakuwa mwingine kabisa. Hapa alikuwa anaulizwa tu, na mtu anayeulizwa bado ana nafasi ya kupanga hesabu yake mwenyewe kabla hajapangiwa.

Tulianza na wiki moja. Siwezi kusisitiza hili vya kutosha: usiuguse mwaka mzima kabla hujaielewa wiki moja hadi shilingi ya mwisho. Tulichagua wiki ya Jumatatu tarehe 12 hadi Jumapili tarehe 18 Agosti 2024, kwa sababu haikuwa na mvua kubwa wala ugonjwa, na apu ilikuwa imetoa taarifa yake kamili.

Wiki hiyo alifanya safari 82. Nauli zote pamoja zilikuwa shilingi 17,400, na apu ikamwongezea bonasi ya 600. Ikakata kamisheni ya asilimia 18, yaani 3,132. Asilimia hiyo ndiyo ukomo uliowekwa na kanuni za NTSA za mwaka 2022 kwa kampuni za usafiri wa mtandaoni. Ukitoa kamisheni unabaki na 14,868, na hii ndiyo namba ambayo apu huiandika kwa herufi nene juu ya ukurasa. Lakini chini kabisa, mahali palipoandikwa `Payout`, kulikuwa na shilingi 1,968 tu.

"Hiyo ndiyo huwa wananitumia," kijana aliniambia. "Elfu mbili kwa wiki nzima, mzee. Sasa mtu anilipishe kodi ya nini?"

Wengi hujikwaa hapa, waendeshaji na hata wahasibu wao. Abiria wengi wa boda Nairobi hawalipi apu. Wanamlipa mwendeshaji mkononi, kwa noti au kwa kumtumia M-Pesa kwenye laini yake pale pale akivua helmeti. Wiki ile, katika zile 17,400, abiria walimlipa yeye moja kwa moja 12,900. Waliolipa kupitia apu, kwa kadi au kwa salio, walilipa 4,500 tu. Kwa hiyo apu ilikuwa imeshika 4,500 za kijana, na kijana alikuwa ameshika pesa ambayo kamisheni yake haijakatwa. Apu ikachukua zile 4,500, ikaongeza bonasi ya 600, ikakata kamisheni ya safari zote 82, zikiwamo zile za taslimu, na kumtumia kilichobaki: 1,968.

`Payout` basi si pato. Ni marekebisho ya deni kati ya watu wawili. Kuna wiki ambazo inakuwa hasi, kwa sababu abiria wote wamelipa taslimu, na hapo kijana ndiye anayetuma pesa kwa apu la sivyo afungiwe. Mtu akiitazama wiki kama hiyo kwa haraka atadhani mwendeshaji alifanya kazi akapata hasara.

Na ile 14,868? Hiyo nayo si jibu la swali la afisa, ingawa iko karibu zaidi na kile kilichobaki mfukoni. Aliyebeba abiria ni kijana, na nauli ni yake. Kamisheni ni gharama anayomlipa aliyemtafutia mteja, kama vile mwenye duka anavyolipa kodi ya pango. Mwenye duka hasemi kwamba ameuza pungufu kwa sababu kuna kodi ya nyumba. Mauzo ya wiki ile, kwa lugha ya kodi, ni nauli zote pamoja na bonasi: shilingi 18,000. Mbele kidogo tutaona kwamba tofauti kati ya kuhesabu kabla ya kamisheni na baada yake ndiyo iliyoamua kodi gani imguse.

Baada ya wiki moja kukaa sawa, wiki nyingine zilifuata haraka. Alikuwa amefanya kazi wiki 47. Zile zilizopungua zilikuwa na sababu zinazojulikana na kila mtu: mafuriko ya Aprili na Mei, kisha maandamano ya Juni na Julai ambapo siku nyingine hakutoka kabisa. Niliziandika sababu hizo pembeni, kwa kuwa afisa hushtuka akiona shimo katikati ya mwaka. Mtego mmoja mdogo ulikuwa mwisho wa mwaka. Taarifa za apu huenda Jumatatu hadi Jumapili, na Jumatatu ya mwisho ya 2024 ilikuwa tarehe 30 Desemba, kwa hiyo wiki hiyo ilivuka hadi 2025. Tulifungua orodha ya safari moja moja, tukachukua za siku mbili za kwanza na kuziacha nyingine.

Apu ya abiria ikatupa 812,400 kwa mwaka, bonasi ndani. Apu ya chakula ilikuwa rahisi, maana yenyewe hulipa ada kwa kila oda na mteja hampi mwendeshaji pesa: oda 1,200, jumla 171,600. Ukizijumlisha unapata 984,000. Ziangalie vizuri hizo tarakimu, ziko chini kidogo ya milioni moja.

Kisha ikaja taarifa ya M-Pesa, ambayo afisa alikuwa ameiomba mwenyewe. Safu ya `Paid In` ilionyesha shilingi 1,215,000 zimeingia mwaka huo. Kijana alipoiona alisema, "Sasa nimekwisha." Hakuwa amekwisha, ila kazi ya kukaa chini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Kuna njia moja tu ya kuipangua safu hiyo, nayo ni mstari kwa mstari. Tulianza na zile zinazolingana na safari. Apu inaonyesha safari iliisha saa 1:42 asubuhi kwa nauli ya 210. M-Pesa inaonyesha saa 1:43 asubuhi 210 imeingia kutoka kwa mtu asiyejulikana. Hiyo ni nauli na imeshahesabiwa kwenye apu, haihesabiwi tena. Mara nyingine nauli ni 210 na mtu ametuma 220, au ametuma 200 na kukimbia. Ukifanya mia moja hivi, jicho linazoea na kasi inaongezeka. Nauli zilizolipwa kwa M-Pesa, `Payout` za apu ya abiria na ada za chakula zilifika 665,080.

Kilichobaki kilikuwa vitu vya maisha. Zamu yake ya chama ilileta 120,000, pesa ambayo yeye na wenzake walichangishana. Fuliza, M-Shwari na akiba yake mwenyewe inayorudi zilikuwa karibu 96,000. Ndugu walituma 38,000 na ushee kwa mazishi na mambo ya nyumbani. Kulikuwa na 84,000 za wateja wanaosema, "Pita sokoni uninunulie, nakutumia," pesa iliyoingia na kutoka siku hiyo hiyo kwenda kwa muuza mboga au duka la dawa. Na kulikuwa na 150,000 alizoweka mwenyewe kwa wakala. Hizi za mwisho ndizo hatari zaidi. Ni noti za abiria, wale waliolipa mkononi, na nauli zao tayari ziko kwenye apu. Kuziongeza ni kuhesabu safari moja mara mbili, na afisa asiyeelezwa ataziongeza, kwa nia njema kabisa.

Jumlisha vyote hivyo na bado unakosa 61,500 kufika kwenye 1,215,000. Nilizitafuta. Nilikuta jina moja linarudi kila siku ya shule, saa moja kasoro asubuhi: 250, 250, 250.

"Huyu ni nani?"

Kijana alikuna kichwa. "Ni mama fulani pale Umoja. Napeleka watoto wake shule. Hiyo haiko kwa apu, mzee. Tuiache tu."

Mama wa shule alikuwa amemlipa 45,000 kwa mwaka, na wateja wengine wa kupiga simu 16,500. Sikumlaumu kwa kutaka kuiacha. Kila mtu angedhani kwamba shilingi isiyoonekana kwenye apu ni shilingi iliyookolewa. Nilimwambia tuiweke kando kwanza, tumalize gharama, halafu tuone.

Kwenye gharama, petroli ndiyo kubwa na ndiyo inayodanganya zaidi. Apu zote mbili zilionyesha kilomita 24,600. Hizo ni za mteja akiwa nyuma au chakula kikiwa sandukuni. Hazihesabu kumfuata abiria Donholm akikusubiri langoni, kurudi tupu kutoka Syokimau, wala kuzunguka ukitafuta oda. Ukikokotoa petroli kwa kilomita za apu, unajipunja karibu theluthi moja. Lakini ukisema "nilizunguka sana" bila ushahidi, hakuna atakayekusikiliza.

Ushahidi wetu ulitoka mahali nisipotarajia. Fundi wake wa Mutindwa ana daftari la kurasa zilizochakaa, na kila anapobadilisha oili huandika tarehe, namba ya pikipiki na kilomita za dashibodi, ili amkumbushe mteja lini arudi. Kati ya oili ya kwanza ya Januari na ya mwisho ya Desemba, tukirekebisha siku chache za pembeni, Boxer ile ilikuwa imekwenda kilomita 38,400. Tulitoa 3,400 za safari zake binafsi: kanisani Jumapili, na mara mbili kwenda Machakos kwa wazazi. Za kazi zikabaki 35,000.

Sasa inakunywa kiasi gani? Kijana alisema lita moja huenda kilomita 60, kama alivyoambiwa na aliyemuuzia. Tulipima. Alijaza tangi hadi shingoni, akafanya kazi yake ya kawaida kilomita 312, akarudi pampu ile ile na kujaza tena. Ziliingia lita 7.8. Hiyo ni kilomita 40 kwa lita, katika foleni za Nairobi, na abiria mmoja mzito mara kwa mara. Kilomita 35,000 zinahitaji lita 875. Bei ya petroli Nairobi hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo haihitaji kubahatisha. Mwaka ule ilianza juu ya 200, ikakaa 188.84 kati ya Julai na Oktoba, ikashuka chini ya 180 Desemba. Kwa wastani wa 192 petroli ilimla 168,000. Ni kubwa kuliko kamisheni ya mwaka mzima, iliyokuwa 142,920, ingawa kamisheni ndiyo wanayoilalamikia kwenye steji kila jioni.

Mkopo wa pikipiki ulileta ubishi mrefu kidogo. Alikuwa akilipa kila siku, na alitaka malipo yote yaingie kwenye gharama. Nilimkatalia. Sehemu ya malipo yale ni riba, nayo ni gharama: 26,400 kwa taarifa ya mkopeshaji. Sehemu nyingine inamnunulia pikipiki, kitu ambacho bado anacho. Hiyo huingia kama uchakavu, robo ya bei ya ununuzi kila mwaka kwa miaka 4. Boxer ya 168,000 inatoa 42,000 kwa mwaka. Ukiingiza malipo yote ya mkopo na uchakavu juu yake, umeihesabu pikipiki mara mbili, kosa lile lile la noti za wakala likiwa limegeuzwa kichwa chini.

Matengenezo, bima na bando vilifika 87,500. Chakula cha mchana sikukiweka, maana mtu hula hata asipoendesha. Kile kitu kidogo cha barabarani nacho hakina risiti, na hata kingekuwa nayo kisingekubalika. Jumla ya gharama ikawa 466,820.

Hapo ndipo nilipozirudia zile 61,500 za pembeni.

Sheria ya kodi ya mauzo, inayojulikana kama TOT, inamgusa mkazi ambaye mauzo yake ya mwaka yanazidi shilingi milioni moja na hayapiti milioni 25. Tangu Julai 2023 anatozwa asilimia 3 ya mauzo, na gharama hazitazamwi kabisa. Aliye chini ya milioni moja hayumo humo. Yeye hurudi kwenye kodi ya kawaida ya mapato, asilimia 10, 25, kisha 30, kwenye faida.

Tukimficha mama wa shule, mauzo ni 984,000. Yako chini ya milioni. Ukitoa gharama, faida ni 517,180, na kodi baada ya nafuu ya mtu binafsi ya 28,800 inafika 63,754. Tukimweka mama wa shule na wenzake, mauzo ni 1,045,500. Yamevuka, kwa kuwa tumehesabu kabla ya kamisheni. Asilimia 3 yake ni 31,365.

Kijana alinitaka niirudie hesabu mara mbili. Zile pesa alizotaka kuzificha zingemgharimu zaidi ya 32,000 kwa kufichwa.

Na hiyo ni kwa kudhani kwamba gharama zake zote zingekubaliwa, jambo ambalo lisingetokea. Tangu mwanzo wa 2024, gharama ya biashara hukubalika kwenye kodi ya mapato ikiwa na ankara ya eTIMS. Fundi wa Mutindwa hana eTIMS, ana daftari. Risiti za pampu kijana alikuwa na chache, nyingine zimefutika wino mfukoni. Daftari la kilomita linaonyesha ukweli wa kazi yake, lakini si ankara. Kila gharama iliyokataliwa ingeongezwa kwenye faida na kutozwa asilimia 30.

Si kila mwendeshaji anaponea kwenye kodi ya mauzo. Kwa mauzo kama haya, faida ikiwa chini ya takriban 409,000, labda kwa sababu pikipiki ni ya kukodi au injini iliharibika, asilimia 3 inakuwa mzigo mkubwa kuliko kodi ya kawaida. Mtu wa namna hiyo anaruhusiwa kumwandikia Kamishna kwamba hataki kuwa kwenye TOT, lakini basi awe na ankara zake. Tozo ya nyumba na mchango wa SHA nimeviacha kwa sura nyingine.

Tulirudi ofisini na karatasi tatu: mauzo kwa wiki, safu ya `Paid In` iliyopangwa kwa mafungu, na kilomita. Afisa alipitia ya pili polepole kuliko zote. Aliweka kidole kwenye amana za wakala, akauliza ni za nini, na kijana akamwonyesha siku tatu ambazo safari za taslimu kwenye apu zilitosha kabisa kueleza noti alizoweka jioni. Akauliza kuhusu chama, akaonyeshwa daftari la chama lenye majina na zamu. Hakuuliza kuhusu petroli hata kidogo, na hakuwa na sababu, maana kwenye kodi ya mauzo petroli ni shida ya mwendeshaji peke yake.

Ritani ya sufuri ilibidi irekebishwe, na TOT ifailiwe mwezi kwa mwezi kwa mwaka wote. Ilipaswa kufailiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo kuna faini ya 1,000 kwa kila mwezi uliochelewa, nyongeza ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Hata pamoja na hayo yote, jumla ilikuwa chini ya zile 63,754.

Afisa aliandika 31,365 kwenye jalada, akaizungushia duara. Kisha akainua macho juu ya miwani.

"Na huyu mama wa shule, bado anakulipa 250?"

"Sasa ni 300, madam. Petroli imepanda, halafu wamekuwa wazito."

Akaiandika hiyo pia.